Nilipima nikaambiwa sina, siku sita baadaye homa ikaanza

*Shikamoo mama.*

*Nina miaka 28, naishi Dar es Salaam. Ndoa yangu ni tarehe 20 Juni. Mchumba wangu yuko Geita kikazi. Tarehe 2 Mei nilikuwa msibani nyumbani kwetu, nikakutana na kijana niliyekuwa naye zamani. Usiku ule tulilala pamoja bila kondomu. Ilikuwa mara moja tu, na najuta mpaka leo. Yeye alisema alipima mwezi wa tatu akawa hana.*

*Tarehe 14 Mei nilikwenda kupima kwa sababu kanisani walitaka majibu kabla ya ndoa. Wakanitoboa kidole, majibu yakatoka sina, nikapewa cheti. Tarehe 20 nikashikwa na homa kali. Kichwa, viungo, koo hata maji hayapiti. Zahanati walipima malaria hawakuiona, wakanipa amoksilini. Siku ya tatu nikatokwa na vipele vyekundu kifuani na mgongoni, na tezi za shingo zikavimba. Nesi akasema ni aleji ya dawa, niache. Hofu ikanishika. Tarehe 25 nikanunua kile kipimo cha kujipima cha mate, ukatoka mstari mmoja. Homa iliisha tarehe 28 na sasa ni mzima kabisa, ila usingizi sipati.*

*Leo ni tarehe 1 Juni. Mchumba wangu anakuja tarehe 6 kwa siku tatu. Tangu ule msiba sijalala naye. Amesema kwa kuwa wote tuna vyeti, kondomu sasa tuziache. Mama, vipimo viwili si vinatosha? Nikimwambia naipoteza ndoa. Nisipomwambia naogopa. Nifanyeje?*

*Msomaji wako, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu.

Nashukuru umeniandikia tarehe, maana bila tarehe ningekujibu kwa kubahatisha. Nilichukua kalenda ya ukutani, nikaizungushia tarehe 2 Mei, nikaanza kuhesabu kwa kalamu. Kipimo cha kanisani kilikuwa siku ya 12. Homa ilianza siku ya 18. Kipimo cha mate ulikifanya siku ya 23. Leo unaponiandikia ni siku ya 30. Shika hizo namba, maana jibu langu lote limelala humo.

Tuanze na kile kijiti walichokudondoshea damu. Watu wengi wanaamini kijiti kile kinatafuta kirusi. Hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako unawatengeneza baada ya kumtambua kirusi. Mwizi akiingia kwenye nyumba saa nane usiku, majirani hawaamki papo hapo. Yeye yumo ndani anakusanya vitu, na mtaa uko kimya. Ukipita wakati huo ukasikiliza kama kuna kelele, utasema mtaa huu uko salama. Kijiti kinasikiliza kelele za majirani, hakichungulii ndani ya nyumba.

Sasa tazama mambo yanavyofuatana mwilini kwa mtu aliyeambukizwa. Siku kumi hivi za mwanzo kirusi kinazaliana kwenye tishu na kwenye matezi, na hata mashine za maabara kubwa mara nyingi hazikioni kwenye damu. Kuanzia kama siku ya 10 hadi ya 12 ndipo chembe za kirusi chenyewe zinaanza kuonekana kwa kipimo cha vinasaba. Takriban wiki moja baada ya hapo inaonekana protini ya kirusi iitwayo p24, ambayo wataalamu wa maabara huiita antijeni. Kingamwili huja mwisho. Kwa wengi, vijiti vya kawaida huanza kuziona kati ya wiki ya nne na ya sita, wengine huwahi kidogo, na wachache huchelewa hadi kukaribia miezi mitatu. Muda huo wote, kuanzia siku ya kuambukizwa hadi siku kipimo kinapoweza kuona, ndio unaoitwa kipindi cha dirisha. Na kila aina ya kipimo ina dirisha lake.

Kwa hiyo cheti chako cha siku ya 12 hakisemi uongo. Kinasema kweli kuhusu maisha yako ya zamani, yaani ya zaidi ya miezi mitatu kabla ya siku uliyopima. Kuhusu usiku wa tarehe 2 Mei hakina la kusema, kwa sababu hata kama uliambukizwa, siku ile kijiti kisingekuwa na kitu cha kukiona. Ndivyo ilivyo pia kwa kile alichokwambia huyo kijana. Majibu ya mwezi wa tatu hayajui alikokuwa mwezi wa nne.

Kipimo cha mate nacho hakichukui mate hasa. Kile kipamba unachopitisha kwenye fizi kinakusanya majimaji ya fizi, na kingamwili zilizomo humo ni chache kuliko za kwenye damu. Kwa hiyo maambukizi mapya kinachelewa kuyaona kuliko kijiti cha damu. Ni kipimo kizuri kwa mtu aliyekaa mwaka mzima hajapima. Kwa mtu wa siku ya 23 ni dhaifu. Na ule mstari mmoja uliouona, wa upande wa herufi C, unathibitisha jambo moja tu: kwamba kifaa kilifanya kazi. Watu wengi wanaufurahia kana kwamba ndio majibu yenyewe.

Mara nyingi huwa najaribu kumwelewesha mtu hivi: vipimo viwili vilivyofanywa ndani ya dirisha moja havijumlishwi vikawa uhakika. Ukichungulia chumba chenye giza mara mbili, bado hujaona kilichomo.

Tuje kwenye homa. Najua umeiandika ukitamani nikwambie ni amoksilini. Siwezi kukwambia hivyo, na siwezi kukwambia kwamba ni VVU pia, maana kwa kuangalia dalili tu hakuna anayeweza kutofautisha. Lakini unanidai ukweli. Watu wengi wanaoambukizwa hupata ugonjwa wa mwanzo kati ya wiki ya pili na ya nne. Homa, koo, kuumwa mwili, matezi ya shingo na ya kwapa kuvimba, harara ya vipele vidogo kifuani na mgongoni, mara nyingine vidonda mdomoni, kuharisha au jasho la usiku. Hukaa wiki moja au mbili kisha huondoka wenyewe, dawa umepewa au hujapewa. Wengine hawapati chochote. Sababu ya homa hiyo ni kwamba ndio wakati kirusi kimejaa kwenye damu kuliko wakati mwingine wowote wa miaka ya mwanzo, wakati mwingine zaidi ya chembe milioni moja katika mililita moja ya damu, na mwili ndio kwanza unaamka kupambana. Majirani wanaanza kufungua milango, lakini kelele bado hazijafika barabarani anakosikiliza kijiti. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa kitandani anatetemeka kwa ugonjwa wa VVU, na kijiti kikasema hana.

Dalili zako na siku zako vinaingia kwenye picha hiyo. Lakini vinaingia kwenye picha nyingine pia. Homa ya dengi huleta homa, maumivu ya viungo na harara, na Dar es Salaam imeshapata milipuko yake, wa mwaka 2014 na wa 2019 wengi tunaikumbuka. Virusi vinavyoleta homa ya matezi huvimbisha shingo na koo vivyo hivyo, na ajabu yake ni kwamba mgonjwa wa homa hiyo akipewa amoksilini mara nyingi hutoka vipele mwili mzima. Kaswende nayo ina harara yake, ambayo hupenda kushuka hadi viganjani na kwenye nyayo. Na aleji ya kweli ya dawa ipo. Kwa hiyo nesi hakukosa kufikiria aleji. Kilichokosekana ni swali moja, kwamba ndani ya mwezi uliopita umekutana na mtu bila kinga? Na pengine hata angeliuliza, mbele ya foleni ile usingelijibu.

Umeniandikia kwamba sasa ni mzima kabisa. Hilo nalo nataka ulitazame upya. Kama ingekuwa malaria, kupona kungekuwa habari njema yenyewe. Kwa ugonjwa huu wa mwanzo, homa huondoka kwa sababu mwili umekipunguza kirusi, haujakimaliza. Kupona kwako hakutujibu lolote, si huku wala kule.

Sasa, ufanye nini kati ya leo na tarehe 6? Nakuwekea njia mezani, uchague wewe.

Ya kwanza ni kipimo cha maabara kinachotafuta kingamwili na ile antijeni ya p24 kwa pamoja, ambacho wataalamu hukiita cha kizazi cha nne. Hiki hutumia damu ya mshipa, inayowekwa kwenye mashine. Hupatikana kwenye hospitali kubwa na baadhi ya maabara binafsi za mjini. Ukifika mapokezi uliza hivi: "Kipimo chenu kinatafuta kingamwili peke yake, au na antijeni? Kinafanywa kwa mashine au kwa kijiti?" Usione haya, hilo ni swali la kawaida kabisa kwao. Nasisitiza mashine kwa sababu vijiti vinavyodai kuona antijeni huikosa mara nyingi. Leo, siku ya 30, kipimo hiki kina nafasi nzuri sana ya kukamata maambukizi kama yapo, ila hakijafika mwisho wa dirisha lake. Mwisho wake ni siku ya 45, na kwako siku hiyo ni tarehe 16 Juni. Jumanne. Siku nne kabla ya ndoa.

Ya pili ni kipimo cha vinasaba vya kirusi, kile kile kinachopima wingi wa virusi kwa watu walioko kwenye dawa. Mtu aliyeanza homa ya VVU siku kumi na mbili zilizopita, na hajameza ARV zozote, atakuwa na virusi vingi vya kuonekana kwa urahisi. Kikitoka hakuna, moyo wako utatulia kwa kiasi kikubwa, ingawa bado utahitaji kipimo cha kingamwili baadaye kufunga hesabu. Ugumu wake ni kwamba kwetu kipimo hiki kimepangwa zaidi kwa wagonjwa wa kliniki za huduma na matibabu, kwa hiyo utahitaji daktari wa kukuandikia, na pengine fedha. Lakini daktari akisikia homa, harara na tarehe yako ya 2 Mei kwa mpangilio huo, ana sababu ya kitaalamu ya kukiagiza. Kikitoka na virusi vichache mno, asikukubalie haraka kwamba unao, maana hesabu ndogo sana wakati mwingine ni makosa ya mashine. Damu ichukuliwe tena.

Ya tatu ni kusubiri na kurudia kijiti cha kawaida, ambacho hakina gharama kwenye vituo vya serikali. Ukirudia tarehe 13 Juni, wiki sita kamili, majibu yatakuwa na uzito ambao yale ya kwanza hayakuwa nao. Ukirudia tarehe 31 Julai, siku ya 90, na hujakutana na hatari nyingine hapo katikati, utafunga ukurasa. Hasara ya njia hii unaijua, tarehe 31 Julai ndoa imeshapita.

Kwenye njia yoyote, mstari hafifu ni mstari. Nakumbuka kijana mmoja aliyekaa mbele yangu, ameinua kijiti kwenye mwanga wa dirisha akiuchunguzachunguza ule mstari wa pili uliokuwa kama umeandikwa kwa penseli, akiniambia "huu si umefutika, mama?" Haukuwa umefutika. Ulikuwa ndio unaanza kuandikwa. Mstari wa namna hiyo hupelekwa kwenye kipimo cha pili cha aina tofauti, na vipimo vikikataana mtu hurudi baada ya siku 14. Hapewi majibu ya "unao" wala "huna" kwa kukisia.

Jambo lingine, usimeze ARV za kuazima. Dawa za kinga ya baada ya hatari zilikuwa na saa 72 tu, na kwako zilikwisha tarehe 5 Mei. Ukimeza sasa kimya kimya utapunguza virusi, utachelewesha kingamwili, na vipimo vyote nilivyokueleza vitakuchanganya. Na damu usichangie mpaka hesabu ifungwe. Ukienda maabara, omba pia kipimo cha kaswende na cha mimba. Hukuniandikia habari za hedhi yako, na sikulaumu, ila ule usiku haukuwa na kinga ya chochote, na mwanamke akiambukizwa akiwa mjamzito muda huo ni wa hatari zaidi kwa mtoto, kwa sababu hiyo hiyo ya virusi kujaa kwenye damu.

Na hapo ndipo tunafika kwa mchumba wako.

Umeniuliza kama umwambie au usimwambie, kana kwamba milango ni miwili tu. Mimi naona kuna maswali mawili umeyafunga kwenye kanga moja. Moja ni kuhusu tarehe 2 Mei, ulikokuwa na uliyekuwa naye. Lingine ni kuhusu tarehe 6 hadi 8 Juni, mwili wake na mwili wako. La kwanza lina muda wa kufikiriwa. La pili halina muda, kwa sababu kama maambukizi yapo, wiki hizi ndizo ambazo mtu huambukiza kwa urahisi zaidi, na yeye atakuwa ameacha kinga kwa kuamini karatasi ya siku ya 12 ambayo wewe sasa unajua haitoshi. Kabla ya kusoma barua hii ulikuwa hujui. Sasa unajua, na najua uzito wake umekuangukia wewe peke yako.

Unaweza kumwambia yote kabla hajapanda basi. Hatari yake umeishaitaja mwenyewe, na sitaki kukudanganya kwamba haipo. Wanaume wengine huondoka. Wengine hukasirika wiki mbili kisha wakauliza "umepima lini?" Wewe ndiye unayemjua. Kama amewahi kukuinulia mkono, usimwambie mkiwa wawili ndani ya nyumba. Mwambie mbele ya mnasihi.

Unaweza pia kumwambia sehemu iliyo ya kweli bila kueleza yote: kwamba uliumwa homa na harara, umeshauriwa kwamba majibu ya mapema hayatoshi, na unataka mpime wote upya tarehe 16 na mtumie kondomu au mjizuie mpaka hapo. Kila neno hapo ni kweli. Hatari yake ni kwamba atauliza kwa nini. Uwe umeamua mapema utajibu nini, maana uongo wa papo kwa papo ndio unaokuja kuvunja nyumba miaka mitano baadaye. Na ukumbuke, naye amekaa Geita miezi mingi. Cheti chake kina tarehe gani? Kinasema nini kuhusu wiki sita kabla ya tarehe hiyo? Sisemi hivyo ili umtuhumu. Nasema kwa sababu umeandika barua yako kama vile hatari ina upande mmoja tu.

Au unaweza kumwomba asije mpaka tarehe 17. Hilo linanunua muda, lakini linanunua na wasiwasi, na wiki ya mwisho ya harusi ina wageni, sare na kamati zinazopiga simu.

Kama siku hizo mtatumia kondomu na ikapasuka, yeye ana saa 72 zake za kupata dawa za kinga, anazomeza siku 28, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa. Zipo hospitali za serikali.

Na kama majibu yatatoka kwamba unao, matibabu huanza siku ile ile, bila kusubiri uugue. Mtu anayeanza akiwa na wiki chache tu za maambukizi huulinda mwili wake kabla haujaharibika, na akimeza dawa vizuri, ndani ya miezi michache virusi hushuka hadi vipimo visivione, na akikaa hapo haambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Watu wa namna hiyo wanaolewa, wanazaa watoto wasio na VVU. Nimewabeba watoto hao.

Ukifika kwa daktari, usianze na vipele wala na kanisa. Anza na tarehe: 2 Mei bila kinga, 14 Mei kijiti hakikuona, 20 Mei homa na harara, 25 Mei kipimo cha mate hakikuona, na hujameza ARV yoyote. Mistari hiyo iandike kwenye karatasi umpe asome, kama sauti itakataa. Halafu niandikie tena, hata kabla ya tarehe 16.